Mwenzako Anategea? Namna ya Kulisema Bila Kumnyooshea Kidole

Kwenye dawati la pamoja, mtu anayetegea haonekani kwa bosi. Anaonekana kwa yule mmoja anayekaa jirani naye. Oda zinatoka, ripoti inafika Ijumaa, na kwa aliye juu mambo yanakwenda vizuri. Hajui kwamba yanakwenda kwa sababu wewe unabaki ofisini giza likiingia. Ndiyo maana siku ukilipuka, watu wanakushangaa wewe.

Mwongozo huu ni wa hali hiyo: watu wawili au watatu wa cheo kimoja, kazi moja, mzigo umelalia upande mmoja. Nitaueleza kwa mfano wa dawati nililofanyia kazi mwenyewe, dawati la oda za matawi katika ghala moja la usambazaji. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alinizidi umri kwa miaka kama minane. Mimi namwita kaka, yeye ananiita mdogo wangu, na hilo peke yake lilinifunga mdomo miezi mitano. Tulikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kupokea oda za matawi 12 na kuziingiza kwenye mfumo. Ya pili ni kujibu madai ya upungufu, yaani tawi linaposema limepokea katoni tisa badala ya kumi. Ya tatu ni ripoti ya Ijumaa. Hakuna aliyewahi kuandika nani afanye ipi. Siku ya kwanza tuliambiwa "mtasaidiana", basi.

Hatua ya kwanza: nyamazisha vijembe

Kabla ya kuongea naye, jichunguze umeshasema nini pembeni. Mtu aliyelemewa huwa anasema bila kujua kwamba anasema. Anaweka kijembe kwenye kundi la wasapu la ofisi: "Wengine tumezaliwa kufanya kazi." Anaguna akipokea faili. Anamwambia wa dawati la pili, "Mimi nimechoka kumbeba mtu," na huyo wa dawati la pili ana mdomo wake.

Ubaya wa kijembe ni kwamba kinampa mwenzako kesi nzuri kuliko yako. Siku mtakapokaa, hamtazungumzia madai yaliyolala. Atauliza kwa nini unamsema kwa watu, na hapo utakuwa huna jibu. Mimi nilikuwa nimeshamwaga mawili matatu kwenye kundi. Nikaacha, nikapitisha wiki mbili kimya kabla ya kugusa lolote. Wiki hizo hazikupotea, maana ndizo nilizotumia kwa hatua inayofuata.

Hatua ya pili: andika siku kumi za kazi, za kwako na za kwake

Chukua daftari au jedwali la kawaida lenye safu nne: tarehe, kazi, aliyeifanya, dakika. Siku kumi za kazi zinatosha, kwa sababu ndani yake mna Ijumaa mbili na siku nzito na nyepesi zote. Siku tatu ni chache, atakwambia ilikuwa wiki mbaya.

Unaandika za kwake pia, na kwa uangalifu uleule. Sababu yake si adabu tu. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anabeba sehemu gani ya kazi mbalimbali za nyumbani. Majibu ya mume na mke yalipojumlishwa, kwenye kazi nyingi yalizidi kazi yenyewe. Hawakuwa waongo. Kila mtu anakumbuka jasho lake kwa sababu alikuwepo lilipomtoka. La mwenzake analisikia kwa mbali. Kwa hiyo ile hesabu ya kichwani, "mimi nafanya asilimia tisini," usiende nayo kwa mtu. Karibu kila mara imevimba.

Kwenye safu ya kazi andika kitu kinachohesabika: "oda ya tawi la 7", "dai la tawi la 3, katoni moja". Usiandike "alizembea" wala "alijifanya yuko bize". Na usiandike amefika saa ngapi, ameshika simu mara ngapi, amekwenda kunywa chai mara ngapi. Ukianza hayo umeacha kuorodhesha kazi, umekuwa mpelelezi, na akiliona daftari hilo hamtaelewana tena mwaka mzima.

Siku zangu kumi zilisoma hivi. Oda zilikuwa 84: mimi 58, yeye 26. Madai yalikuwa 19: mimi 17, yeye 2. Ripoti mbili za Ijumaa zote zangu. Oda moja ilichukua kama dakika 12, dai moja kama dakika 40 kwa sababu lazima ufukue hati ya mzigo, na ripoti ilikula saa tatu. Jumla, mimi karibu saa 29, yeye kama saa sita na nusu. Siku saba kati ya kumi nilitoka baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni.

Nilipoona hizo saa sita na nusu nilitamani kwenda naye kwa bosi siku hiyohiyo. Bahati nzuri nililala kwanza.

Hatua ya tatu: jiulize kwa nini kazi hiyo haina mwenyewe

Tazama orodha yako uone mzigo umelala wapi hasa. Ni nadra mtu kutegea kila kitu. Kwangu oda zilikuwa zimeegama, lakini zilikuwa zinakwenda. Madai na ripoti ndiyo yaliyoanguka kabisa. Kazi ya namna hiyo, inayoingia kwenye sanduku moja la barua pepe na yeyote anaweza kuijibu, ndiyo inayotegewa kuliko zote.

Jambo hili limepimwa. Mwaka huohuo wa 1979 Bibb Latané na wenzake waliwapa watu kazi ya kupiga makofi na kupiga kelele kwa nguvu zao zote, wakaona kwamba kila mmoja anapunguza nguvu akiwa kundini kuliko akiwa peke yake. Mwaka 1981 wakarudia, safari hii watu wakijua kwamba kelele ya kila mmoja inaweza kutambuliwa. Upungufu ule ukaondoka. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba kila sauti ilikuwa na mwenyewe. Shika hilo, litarudi kwenye mgawo.

Pia uliza kama bosi amempa kazi nyingine usiyoijua. Inatokea mara nyingi kuliko tunavyodhani, na ni aibu kubwa kuigundua katikati ya mazungumzo.

Hatua ya nne: omba muda, na useme ni wa nini

Ujumbe mbaya kuliko wote ni "Tunahitaji kuongea," tena ukitumwa jioni. Mtu analala nao, anajiandaa kwa vita, na asubuhi anakuja na silaha zake. "Usinielewe vibaya, lakini..." nao unafanya kazi ileile: unamwambia ajiandae kukuelewa vibaya.

Mimi niliandika hivi: "Kaka, kesho saa tano una dakika ishirini? Nataka tupange upya madai na ripoti ya Ijumaa. Nina orodha ya siku kumi, nitakuja nayo tuiangalie wote." Mada imetajwa, muda umetajwa, na orodha haitamwangukia ghafla. Chagua saa ambayo kazi imetulia na watu hawapiti. Usichague Ijumaa mchana ukiwa na ripoti mkononi, maana utaongea kwa hasira ya ripoti.

Hatua ya tano: chagua kiambishi

Hapa ndipo mazungumzo mengi yanapofia, na kwa bahati lugha yetu yenyewe inatupa mlango. Sikiliza tofauti ya sentensi hizi mbili:

"Hujajibu madai ya tawi la 4."
"Madai ya tawi la 4 hayajajibiwa."

Habari ni moja. Lakini ya kwanza kitenzi chake kinaanza na yeye: *hu-*, wewe. Kabla hajasikia tawi gani ameshajua kwamba anashtakiwa. Ya pili inaanza na madai, na wote wawili mnayatazama yakiwa mezani. Basi unapoeleza yaliyopita, acha kitenzi kifuate kazi: oda hazikuingizwa, ripoti ilichelewa, madai yameishia kwangu. "Kwa nini hukufanya?" igeuze iwe "Ilikwama wapi?" Mtu akiulizwa kwa nini anatafuta utetezi; akiulizwa wapi anatafuta mahali.

Ila usinogewe. Mlango huohuo ukiuacha wazi mpaka mwisho, kazi inabaki bila mwenyewe kama mwanzo. "Madai yatajibiwa" ni sentensi ya kutegea. Kwa hiyo unapofika kwenye yajayo unageuza: "Matawi ya 1 hadi 6 utayajibu wewe, 7 hadi 12 nitayajibu mimi." Jana iseme bila mtu, kesho iseme na mtu. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunamtaja mtu kwa jina kwenye lawama, halafu kwenye makubaliano tunasema "basi tujitahidi".

Hiyo "tujitahidi" ina ndugu zake. "Sisi" ya uongo, kwa mfano "tumekuwa tukichelewa" wakati unajua wewe huchelewi, hainyooshi kidole lakini haisemi chochote pia, na msikilizaji hodari huinusa haraka. "Kila siku", "hata siku moja" na "wewe huwa" zinampa nafasi ya kutaja ile Jumanne moja aliyofanya, na hoja yako inaanguka. "Kila mtu anajua" inamwambia ameshajadiliwa bila yeye kuwepo.

Maneno niliyoingia nayo yalikuwa haya. Niliyaandika usiku, nikayasoma kwa sauti, nikapunguza mpaka yakaisha ndani ya dakika moja:

"Kaka, asante kwa muda. Nimeandika kazi za dawati letu kwa siku kumi, zako na zangu, kama nilivyoziona. Najua kuna ambazo sikuziona, kwa hiyo naomba uisome uongeze. Kinachonielemea ni madai na ripoti. Madai 17 kati ya 19 yameishia kwangu, ripoti zote mbili pia, na siku saba nimetoka baada ya saa kumi na mbili na nusu. Sitaweza kuendelea hivi. Naomba tugawane upya. Wewe unaonaje?"

Ona kwamba sikuficha ukali. "Sitaweza kuendelea hivi" ni sentensi ngumu, na lazima iwemo. Ukiitoa kwa ajili ya upole, atasikia malalamiko ya kawaida ya mtu aliyechoka, akupe pole, arudi kitini kwake. Nilichoepuka ni kumwambia yeye ni mtu wa namna gani.

Hatua ya sita: mpe karatasi, kisha ufunge mdomo

Weka orodha mbele yake kwa upande wake, na kalamu. Kisha nyamaza kweli. Kimya cha sekunde ishirini kinauma, na ukikijaza utaanza kujieleza, ukijieleza utaomba radhi, na ukiomba radhi umerudi na mzigo wako.

Mwenzangu aliisoma yote. Akachukua kalamu. "Na madereva je, mdogo wangu?"

Sikuwa nimeandika madereva. Kumbe kila asubuhi alikuwa anafika saa moja na robo, kabla mimi sijatoka hata nyumbani, anapanga na madereva magari yanayopakia, mpaka saa mbili. Dakika 45 kwa siku, siku kumi: saa saba na nusu. Ilibidi niziandike pale pale. Saa zake zikatoka sita na nusu zikawa 14. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pengo lilibaki, 29 kwa 14, lakini halikuwa lile nililokuwa nalibeba kifuani, na kwa kuwa nilimwomba aongeze, halikuwa fedheha. Ilikuwa ndiyo kazi ya karatasi.

Kisha akasema jingine. "Halafu haya madai, wewe unayachukua kabla mimi sijafungua kompyuta." Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa najibu ndani ya dakika kumi, kwa sifa kidogo, nikiri. Na baada ya kimya kingine, kwa sauti ya chini: "Ule utafutaji wa hati kwenye mfumo mpya siujui vizuri. Ile mara nilimjibu mtu vibaya, ukumbuke."

Nilikumbuka. Miezi saba nyuma alilithibitishia tawi moja kwamba mzigo umekwenda wote, kumbe haukwenda, akasemwa mbele ya watu. Tangu hapo hakugusa madai ila kwa nadra. Mimi niliita uvivu, yeye alikuwa anakwepa aibu.

Usitarajie kila mtu akupe jibu la namna hiyo. Yapo mengine matatu ya kujiandaa nayo.

Anaweza kukasirika: "Kwa hiyo unasema mimi sifanyi kazi?" Usikimbilie kumpoza kwa uongo, "Hapana, kaka, unafanya sana," kwa sababu umefuta kila ulichokuja nacho. Rudi kwenye namba: "Sijasema hivyo. Nimesema madai 17 yameishia kwangu. Kama hesabu ina kosa, nionyeshe tulirekebishe." Liseme mara moja, kwa sauti ileile. Akiendelea kupanda, ahirisha kwa kutaja saa, si kwa kuondoka tu.

Anaweza kukubali haraka mno: "Sawa, sawa, nimeelewa, nitajitahidi." Kwa maoni yangu hili ni gumu kuliko hasira, maana unatoka umefurahi na Jumatatu hakuna kilichobadilika. "Nitajitahidi" haina tarehe. Ipokee, kisha uishike mguu: "Asante. Basi tuanze na madai, kuanzia Jumatatu unachukua matawi yapi?"

Au anaweza kufungua jambo zito la nyumbani, mgonjwa au msiba. Hapo weka karatasi pembeni. Mzigo unaweza kuubeba kwa muda, ila mkubaliane mwisho wake: "Nitashika ripoti mpaka mwisho wa mwezi, kisha tukae tena." Msaada usio na tarehe unageuka kuwa mgawo wa kudumu, na kinyongo kinarudi palepale.

Hatua ya saba: gawa kwa jina, na ufundishe kinachohitajika

Msigawane kwa "nusu kwa nusu" wala "anayewahi". Gawaneni kwa kitu ambacho mtu wa tatu akikitazama anajua ni cha nani. Sisi tulitumia matawi: 1 hadi 6 yake, 7 hadi 12 yangu, oda na madai yote. Ripoti ya Ijumaa kwa zamu, wiki hii mimi, ijayo yeye. Kazi ya madereva ilibaki kwake, ila Alhamisi nifike mimi saa moja na robo, ili nijue kazi hiyo ikoje. Tukaweka vikao viwili vya saa moja vya kumwonyesha kutafuta hati kwa namba ya gari na kwa tarehe, siyo kwa jina la tawi, ambalo mfumo ulikuwa unaliandika kwa namna tatu tofauti. Hapo ndipo alipokuwa akipotea.

Jioni hiyohiyo andika mlivyokubaliana na umtumie yeye, si kundi zima. Mistari minne inatosha, na mwisho wake: "Kama nimekosea mahali, rekebisha." Taja na siku ya kukaa tena. Yetu ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili, dakika 15.

Hatua ya nane: acha kuziba pengo

Nadhani hii ndiyo hatua ngumu kuliko kuongea. Jumatano ya kwanza niliona madai mawili ya tawi la 4 yamelala tangu Jumatatu. Mkono uliniwasha. Dakika 80 tu ningeyamaliza, na tawi lingefurahi. Lakini ningeyajibu, mgawo wetu ungekufa siku ya tatu, naye angejifunza kwamba akisubiri vya kutosha mimi nitakuja.

Nilimwandikia: "Kaka, naona madai mawili ya tawi la 4 hayajajibiwa tangu Jumatatu. Kuna palipokwama?" Akajibu kwamba hati moja haionekani. Nikaenda kwenye kiti chake, nikasimama nyuma yake, yeye akatafuta kwa mkono wake mwenyewe. La pili alilijibu Ijumaa, limechelewa. Liliumiza kulitazama, lakini lilichelewa likiwa na jina lake.

Kuna kikomo hapa. Kama kuchelewa kunamdhuru mtu, mfano dawa haijatoka au mshahara wa watu unasubiri, fanya. Kisha mwambie siku hiyohiyo kwamba umefanya, na uandike kwenye daftari. Unachopaswa kuacha ni kuziba kimyakimya.

Siku ya kukagua, na ikishindikana

Siku ya kukaa tena, leteni orodha fupi kama ile ya kwanza. Kama kazi inahamia upande wake hata kwa kuchechemea, endeleeni. Kama amekubali mara mbili na mara mbili hakuna kilichobadilika, usiingie raundi ya tatu. Mpelekee bosi, ila mwambie yeye kwanza: "Kaka, tumejaribu wiki nne na madai bado yanalala. Kesho nitamwomba bosi atugawie yeye. Ungependa twende wote?" Hapo ndipo ninapotofautisha kupeleka kazi na kumchongea mtu. Kama maneno utakayomwambia bosi usingeweza kuyasema mwenzako akiwa amekaa pale, basi unachongea.

Kwa bosi usiombe amkemee. Peleka orodha na swali linalomlazimu kupanga: "Kwa siku naweza kumaliza madai yote au ripoti, si vyote viwili. Kipi kiende kwanza, na kingine akishike nani?" Bosi anayeambiwa "mwenzangu ni mvivu" anaweza kusema mpatane wenyewe. Anayeulizwa kipi kisifanyike inambidi ajibu, kwa sababu sasa pengo ni lake.

Njia hii haifai kila mahali. Mtu akisaini mahudhurio ya siku ambazo hakuwepo, au akiandika kazi yako kwa jina lake, hilo si suala la mgawo na halitatuliwi kwa karatasi na kalamu. Na kama anayetegea ndiye msimamizi wako, hatua ya tano na lile swali la kipi kiende kwanza vitakufaa. Kumpelekea jedwali la saa zake, sikushauri.

Kwetu haikufika kwa bosi. Alhamisi ile ya wiki ya pili mwenzangu ndiye aliyekuja na orodha, ameiandika mwenyewe. Madai yake yalikuwa yanamla dakika 55, yangu 40. Nilidhani bado hajazoea mfumo. Akanionyesha picha za hati kutoka tawi la 4 na la 5, zimepigwa usiku kwa simu, hata namba ya gari haisomeki, inabidi umpigie dereva. "Haya mawili, mdogo wangu, ulinipa ukijua?" Sikujua, nilikuwa nimeyazoea mpaka nikasahau kwamba ni magumu. Nikachukua la 4, nikampa la 9, na kwa kuwa Ijumaa hiyo ilikuwa zamu yake ya ripoti, mimi nikaondoka saa kumi na moja.